Nembo ya Fundi Cherehani: Ipime kwa Sentimita Moja

Mchoraji akikutumia nembo ya duka lako la ushonaji, unaifungua inajaa skrini nzima, na hapo kila kitu kinasomeka. Mteja haioni hivyo. Kwenye orodha ya mazungumzo ya WhatsApp, nembo hukaa ndani ya duara lenye upana wa sentimita moja hivi, na pembeni ya ujumbe wa kwenye kundi duara hilo ni dogo zaidi. Weka futi yako ya kupimia juu ya skrini uhakikishe. Huo ndio ukubwa wa kuihukumu, kabla hujamlipa mchoraji salio lake.

Iweke nembo iwe picha yako ya profaili, kisha chukua simu ya mtu mwingine ambaye mmeshawasiliana naye. Fungua orodha ya mazungumzo, usiiguse picha. Ishike simu kwa umbali wa kawaida wa kusomea, mwite mtu ambaye hajawahi kuiona nembo hiyo, umwache aitazame kidogo tu, halafu uondoe simu na umuulize, “Umeona nini?” Usimuulize kama imependeza, maana atakujibu kwa adabu. Akisema “cherehani” au akataja herufi ya kwanza ya jina la duka, nembo imefaulu. Akisema “kama ua” au “kitu cha njano”, bado kuna kazi.

Tuchukue nembo ya aina tunayoiona mara nyingi: cherehani katikati, mkasi uliofunguka pembeni, jina la duka lenye herufi 20 juu, namba ya simu chini, yote kwa rangi ya dhahabu juu ya nyeupe.

Anza na jina. Hata ukilipa upana wote wa sentimita moja, kila herufi inapata nusu milimita, yaani nusu ya alama ndogo kabisa kwenye futi. Hakuna jicho litakalosoma hapo. Namba ya simu nayo haina kazi, kwa sababu mteja ameshaipata ndiyo maana mnaandikiana. Tena ikiwa imewekwa pembeni mwa picha ya mraba, duara litaikata: duara huondoa karibu sehemu moja ya tano ya mraba, na yote hutoka kwenye kona.

Kisha angalia michoro. Cherehani hutambulika kwa uwazi ulio kati ya mkono wake wa juu na kitako chake. Uwazi huo ukiwa mwembamba, picha ikipungua unaziba na kinabaki kidonge kitupu. Mkasi hutambulika kwa matundu ya vidole, nayo huziba vivyo hivyo. Sindano na uzi hupotea kabisa: mstari wenye unene wa sehemu moja ya mia ya upana wa picha unakuwa sehemu moja ya kumi ya milimita, mwembamba kuliko uzi wa kushonea wenyewe. Kipimo cha kuanzia nacho ni sehemu moja ya ishirini ya upana, kwa mistari na kwa nafasi zilizo katikati yake. Hiyo inakupa nusu milimita kwenye skrini.

Mwisho ni rangi. Fungua picha kwenye kihariri cha simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Dhahabu iliyokuwa inang’aa itageuka kijivu hafifu kinachokaribiana na nyeupe, na hiyo ndiyo sababu mchoro wa namna hii hufifia. Dhahabu hiyo hiyo juu ya zambarau iliyokolea au kijani cheusi hubaki imejitenga. Rudia jaribio nje juani, maana mwanga mkali hufichua udhaifu ambao ndani ya duka hauonekani.

Sasa mwambie mchoraji akutolee nembo ya pili kwa ajili ya profaili: cherehani peke yake, yenye uwazi mpana, au herufi moja nene ya mwanzo wa jina, ikiwa katikati na nafasi kidogo kuizunguka ili duara lisiiguse. Usihofu kwamba jina limeondoka. Kwenye orodha ya mazungumzo limeandikwa pembeni ya picha kwa maandishi ya simu yenyewe, kama mteja alivyolihifadhi, kwa hiyo kazi ya picha ni kumfanya akupate haraka anapopitisha kidole. Nembo kamili, yenye mkasi na namba, ibaki kwenye kibao cha duka na kwenye risiti, ambako ina nafasi ya kutosha. Hakikisha tu zote mbili zina rangi zilezile na mchoro uleule wa cherehani, ili mteja aliyekujua kwa simu asilipite duka lako akiliona barabarani.