Uchakavu wa Mali Iliyonunuliwa Katikati ya Mwezi: Njia ya Salio Linalopungua

Katika kona yetu ya masomo leo nataka tushughulikie swali linalowasumbua wengi katika darasa la uhasibu: mali imenunuliwa katikati ya mwezi, uchakavu unahesabiwa kwa njia ya salio linalopungua, je, kipindi cha kwanza tunaandika kiasi gani, na mwaka wa pili tunaendeleaje? Wengi huweza sehemu ya kwanza ya swali. Sehemu ya pili ndiyo inayowaangusha, kwa hiyo huko ndiko tutakaa zaidi.

Nitatumia hesabu za duka dogo la fotokopi hapa Mbale, karibu na geti la chuo. Ni la wenzetu wawili wanaogawana faida nusu kwa nusu, na mmoja wao alikuwa anamaliza masomo na kujitoa katika biashara tarehe 30 Juni 2025, siku ambayo mwaka wao wa fedha unafungwa. Waliniomba niwaandalie hesabu za kufungia mwaka. Ilibidi kiasi cha uchakavu kiwe sahihi, kwa sababu kikizidi, anayeondoka anadhulumika, na kikipungua, anayebaki ndiye anayebeba mzigo wa mwenzake.

Gharama na tarehe ya kuanzia

Mashine ililipiwa tarehe 11 Septemba 2024 kwa shilingi 8,900,000 za Uganda. Kuisafirisha kutoka Kampala kuligharimu 400,000, na fundi aliyeifunga na kuijaribu alilipwa 300,000. Gharama ya mali ni jumla ya hizo tatu, yaani 9,600,000, kwa sababu bila usafiri na ufundi mashine isingeweza kufanya kazi. Karatasi na wino wa kwanza havimo humo. Hivyo ni matumizi ya kawaida ya biashara.

Fundi alimaliza kazi yake Jumatatu tarehe 16 Septemba. Hiyo ndiyo tarehe tunayoitafuta. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16 kinasema uchakavu huanza pale mali inapokuwa tayari kwa matumizi, ikiwa mahali pake na katika hali inayotakiwa. Siku ya kulipa siyo kipimo, wala siku mteja wa kwanza alipoingia dukani.

Wenye duka walikadiria kuitumia mashine miaka minne kisha kuiuza kwa kama milioni 3. Kiwango cha asilimia 25 kwa mwaka kinaishusha 9,600,000 hadi 3,037,500 baada ya miaka minne kamili, kwa hiyo kinafaa. Angalia jambo hapa: bei ya kuuzia imeshazingatiwa ndani ya asilimia yenyewe. Usiitoe tena kwenye gharama kabla ya kuzidisha, kama unavyofanya katika njia ya mstari ulionyooka.

Kipindi cha kwanza

Uchakavu wa mwaka mzima ungekuwa 9,600,000 × 25% = 2,400,000, sawa na 200,000 kwa mwezi. Mashine imekuwepo tangu katikati ya Septemba hadi mwisho wa Juni. Kiwango cha kimataifa hakitaji namna ya kuuhesabu mwezi uliokatika, kwa hiyo biashara huchagua utaratibu wake na kuushikilia mwaka hadi mwaka. Utakutana na taratibu hizi nne:

- Mwezi wa kununua huhesabiwa wote: miezi 10, uchakavu 2,000,000.
- Mwezi wa kununua hauhesabiwi: miezi 9, uchakavu 1,800,000.
- Mwezi wa kununua huhesabiwa nusu: miezi 9 na nusu, uchakavu 1,900,000.
- Siku huhesabiwa moja moja: siku 288 kati ya 365, uchakavu 1,893,699.

Tuliuchukua utaratibu wa nusu mwezi, kwa kuwa unakaribia sana hesabu ya siku na mtu anaweza kuukagua kichwani. Maingizo katika leja tarehe 30 Juni 2025 yakawa haya:

Debiti: Gharama ya uchakavu 1,900,000
Krediti: Limbikizo la uchakavu, mashine ya fotokopi 1,900,000

Akaunti ya mashine yenyewe inabaki na 9,600,000 bila kuguswa. Ukitoa limbikizo, thamani ya kitabuni ni 7,700,000, na hiyo ndiyo inayoonekana kwenye mizania.

Sasa tazama maana yake kwa washirika wale wawili. Faida kabla ya uchakavu ilikuwa 6,000,000. Baada ya kutoa 1,900,000 inabaki 4,100,000, kila mmoja 2,050,000. Kama tungetoza mwaka mzima, kila mmoja angepata 1,800,000, na anayeondoka angekuwa amelipia miezi miwili na nusu ambayo mashine haikuwepo. Kama tusingetoza chochote, angeondoka na 3,000,000, na mwenzake angebaki na mashine iliyochakaa ambayo vitabu vinasema ni mpya.

Mwaka wa pili, ambapo wengi hukwama

Tarehe 1 Julai 2025 mwaka mpya wa fedha unaanza. Nimeona wanafunzi wakijibu kwa namna tatu tofauti.

Wa kwanza huchukua 25% ya 9,600,000 na kupata 2,400,000. Huyu ameiacha njia ya salio linalopungua, kwani asilimia inapaswa kupiga salio lililobaki na si gharama ya awali.

Wa pili hufikiri kwamba "mwaka wa kwanza wa mashine" haujaisha, kwa hiyo anamalizia miezi miwili na nusu iliyobaki, 500,000, kisha anaongeza 25% ya 7,200,000, yaani 1,800,000. Jumla yake ni 2,300,000. Kosa lake ni kutoza miezi kumi na minne na nusu ndani ya mwaka wenye miezi kumi na miwili.

Wa tatu huchukua thamani ya kitabuni mwanzoni mwa mwaka na kuizidisha kwa asilimia kamili: 7,700,000 × 25% = 1,925,000. Huyu ndiye aliyepatia. Sehemu ya mwaka hutumika mara moja tu, katika kipindi cha kwanza. Baada ya hapo salio lenyewe limeshabeba kumbukumbu ya miezi iliyopungua, kwa sababu lilishuka kidogo kuliko ambavyo lingeshuka katika mwaka mzima.

Ukimpa jibu hilo yule wa pili, atakuuliza: mbona miezi ile miwili na nusu imepotea? Haijapotea, na tunaweza kuthibitisha kwa kuifuata mashine kwa miaka yake yenyewe, tangu tarehe 16 Septemba hadi 15 Septemba. Mwaka wake wa kwanza uchakavu ni 2,400,000, na miezi miwili na nusu ya mwisho inaangukia katika mwaka wetu wa fedha wa pili: 500,000. Mwaka wake wa pili unaanza na salio la 7,200,000, uchakavu ni 1,800,000, na miezi tisa na nusu tu ndiyo iliyo ndani ya mwaka wetu wa fedha: 1,425,000. Jumlisha 500,000 na 1,425,000, unapata 1,925,000 ile ile. Hii si bahati ya tarakimu za mashine hii. Kwa njia ya salio linalopungua, njia hizi mbili hutoa jibu moja kila mara, iwe asilimia ni ngapi na mali imenunuliwa tarehe gani. Kwa hiyo tumia ile fupi kuandika, na ile ndefu kujikagua.

Jambo jingine linalowashtua watu ni kwamba uchakavu wa mwaka wa pili, 1,925,000, umezidi wa mwaka wa kwanza, 1,900,000. Inakuwaje njia inayopungua itoe kiasi kinachopanda? Linganisha kwa mwezi: mwaka wa kwanza ni 200,000 kwa kila mwezi, mwaka wa pili ni kama 160,417. Mzigo wa kila mwezi umeshuka, ila mwaka wa pili una miezi mingi zaidi. Ukiona hivyo kwenye mtihani usifute jibu lako.

Mwaka wa tatu unafuata njia hiyo hiyo. Thamani ya kitabuni tarehe 30 Juni 2026 ni 5,775,000, na uchakavu wa mwaka unaofuata ni 1,443,750.

Ukiandika maingizo kila mwezi

Biashara nyingine hufunga hesabu kila mwezi, na hapo kuna mtego mmoja. Ndani ya mwaka mmoja wa fedha, kiasi cha mwezi hakibadiliki. Kwa mashine yetu, Septemba ni 100,000, halafu 200,000 kila mwezi kuanzia Oktoba hadi Juni, jumla 1,900,000. Kiasi kinashuka Julai tu, salio jipya linapochukuliwa.

Anayegawa asilimia 25 kwa kumi na mbili kisha akapunguza salio kila mwezi atapata jumla ya karibu 1,740,000 kwa kipindi hicho hicho. Amepungukiwa kama 160,000, kwa sababu kila mwezi anazidisha salio dogo zaidi. Kwa mwaka mzima, asilimia 25 yake hugeuka kuwa kama 22.3 tu. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: kiasi cha uchakavu kinatofautiana mwezi hadi mwezi ndani ya mwaka mmoja.

Mambo mawili ya kuangalia

Kwanza, soma maelezo ya swali kabla ya kushika kalamu. Likisema uchakavu hutozwa mwaka mzima katika mwaka wa kununua na hautozwi katika mwaka wa kuuza, basi tarehe ya kununua haina kazi, na miezi yote tuliyohesabu hapa iweke kando.

Pili, hesabu hii ni ya vitabu vya biashara. Mamlaka ya Mapato ya Uganda hufuata Sheria ya Kodi ya Mapato, yenye makundi yake ya mali na asilimia zake. Usichukue tarakimu ya huku ukaipeleka kule.

Zoezi

Kompyuta yenye gharama ya 3,600,000 ilikuwa tayari kwa matumizi tarehe 16 Januari 2025. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, kiwango ni asilimia 40, na mwezi wa kununua huhesabiwa nusu. Tafuta uchakavu wa vipindi viwili vya kwanza, kisha ukague jibu la kipindi cha pili kwa kuifuata kompyuta kwa miaka yake yenyewe.

Majibu: kipindi cha kwanza 660,000, na thamani ya kitabuni 2,940,000. Kipindi cha pili 1,176,000, na thamani ya kitabuni 1,764,000. Ukaguzi: miezi sita na nusu ya mwaka wake wa kwanza ni 780,000, na miezi mitano na nusu ya mwaka wake wa pili ni 396,000.