Ukitumiwa Ukurasa wa Shajara Usio na Swali

Tuchukulie kwamba saa tano usiku shangazi mmoja anapokea picha kwenye simu yake. Imetumwa na mtoto wa kaka yake, kijana anayeendesha bodaboda mjini Nakuru. Ni ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa mkono, na chini yake hapana salamu wala swali. Ukurasa unasema: "Mkopo wa simu umezaa mkopo mwingine. Sasa wanawapigia watu wote niliowahifadhi. Nikiondoka mtapumzika. Redio nimempa jirani."

Kwa kuwa hakuna swali, mpokeaji hujitafutia la kujibu. Wapo watakaosifu uandishi, watakaofasiri maana ya redio, na watakaokimbilia hesabu ya deni. Wengine hunyamaza wakidhani picha imekosea njia. Hata kama imekosea njia, umeisoma. Mwambie kwamba umeisoma. Aliyetuma ukurasa kama huu hakuleta insha isahihishwe. Maneno mawili hapa yanatosha kuusitisha usingizi wa shangazi: kujiona mzigo kwa jamaa, na kugawa vitu vyake.

Tunashauri jibu la kwanza liwe fupi, na lihusu mtu mwenyewe: "Mwanangu, nimesoma ukurasa wako wote. Pole kwa kuyabeba haya peke yako. Niko hapa, na ninakupigia sasa." Kisha simu ipigwe. Asipopokea, shangazi amtafute mtu aliye karibu naye aende kubisha hodi usiku huohuo.

Akipokea, swali gumu liulizwe waziwazi: "Umeandika kwamba tutapumzika ukiondoka. Je, unafikiria kujiua?" Wengi huliogopa neno hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo. Haliwi hivyo, aghalabu mtu hupata nafuu kwa kuona kwamba kuna anayeweza kulisikia. Linaloharibu ni swali lililokwisha kubeba jibu lake, kama "Huwazi upuuzi huo, sivyo?" Atajibu "La, shangazi," na mlango utafungwa.

Akikubali, shangazi aulize iwapo amepanga namna na wakati, na iwapo kitu alichokusudia kutumia kipo karibu. Kadiri mpango unavyokuwa wazi na kitu kinavyokuwa karibu, ndivyo hatari ilivyo kubwa. Hapo asiachwe peke yake. Shangazi aendelee kuzungumza naye huku mtu mwingine akimwita jirani wa kukaa naye, na dawa za kuulia wadudu, vidonge au chochote cha kujidhuru kiondolewe nyumbani humo. Hatari ikiwa ya usiku huo, apelekwe hospitali iliyo karibu, au ipigwe 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za ushauri nasaha bila malipo kwa nambari 1199. Kwa mtoto, nambari ni 116.

Akikana, mazungumzo yasikomee hapo. Shangazi amsikilize bila kumhubiria wala kumtajia wenye shida kubwa kuliko zake, kisha waagane kwa ahadi yenye saa: "Nitakupigia kesho saa moja asubuhi." Ahadi hiyo itimizwe.

Picha yenyewe isipelekwe katika kundi la ukoo, hata kwa nia ya kuomba maombi. Ni siri ya mwenyewe. Hata hivyo, shangazi asimwahidi kwamba hatamwambia yeyote, kwa maana huenda uhai ukamlazimu kuivunja ahadi hiyo. Heri amweleze ni nani atakayeambiwa, na kwa nini. Kijana akihofu kwamba kukiri jaribio la kujiua kutampeleka mahakamani, aelezwe kwamba tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Deni lina wakati wake, nao ni mchana, baada ya kijana kuwa salama na kupata wa kumsikiliza. Kanuni za watoa mikopo ya kidijitali za mwaka 2022 zinawakataza kumtisha mkopaji, kumtukana, au kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Malalamiko hupelekwa Benki Kuu ya Kenya. Na pale taarifa zake binafsi zilipotumiwa vibaya, katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ushahidi ni jumbe za mkopeshaji, nambari zilizopiga na saa zilipopiga, pamoja na majina ya jamaa waliopigiwa. Kijana akikosa nguvu ya kuyakusanya hayo, shangazi aketi naye wayaandike pamoja. Ukurasa wa shajara hauhitajiki katika malalamiko hayo, nao ubaki kwa mwenyewe.