Nazi Moja Badala ya Mbili

Mtoto wa Barani, mjini Malindi, tumwite Kazungu, ametumwa dukani jioni na shilingi 200. Mama yake anataka kupika mbaazi za nazi. Karatasi inasema: mbaazi nusu kilo, nazi mbili, ndimu tatu, nyanya nne, kiberiti.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mbaazi zimekwisha. Kunde zipo, na pojo."

Bei ya kunde na pojo ni moja, shilingi 100 kwa nusu kilo. Kazungu anachukua pojo, na amechagua vizuri. Kunde kavu ambazo hazikulowekwa zingekaa motoni muda mrefu, hali pojo huiva upesi hata bila kulowekwa. Mtu akibadilisha chakula bila kufikiria makaa, atakachookoa dukani atakilipa jikoni.

Sasa hesabu: pojo 100, nazi mbili 80, ndimu 30, nyanya 40, kiberiti 10. Jumla 260. Zimepungua 60.

Kiberiti hakina mbadala, na nyanya ndizo rojo la mchuzi. Ndimu zilitakiwa kwa ukali tu, na ukali huo unapatikana kwenye ukwaju wa shilingi kumi. Hapo ameokoa ishirini. Arubaini zilizobaki zitoke kwenye nazi: achukue moja, lakini aichague kwa makini. Aitikise asikie maji, kisha atazame macho yake matatu. Jicho lenye unyevu au ukungu ni dalili ya nazi iliyoharibika, na mwenye nazi moja hana ya akiba.

Nazi hiyo itatosha ikikamuliwa mara mbili. Maji kidogo ya vuguvugu hutoa kasimile, lile tui zito, liwekwe kando. Machicha yaongezwe maji na kukamuliwa tena. Tui jepesi ndilo la kupikia pojo pamoja na nyanya zikishalainika, na kasimile huingia mwishoni kwa moto mdogo huku ukikoroga, kwani likichemka kwa nguvu hukatika na mafuta yakajitenga.

Ukwaju nao una wakati wake. Ukiutia mapema, pojo zitabaki ngumu, kwa sababu ukali huzuia ganda kulainika. Loweka kipande kama kidole gumba katika nusu kikombe cha maji ya moto, kamua, chuja, utie kidogo kidogo pojo zikishaiva na kabla ya kasimile.

Kuna mabadiliko ambayo mtoto asiyaamue peke yake. Mwenye duka akimwambia achukue karanga za kusaga badala ya nazi, mchuzi utakuwa mzito, lakini karanga humdhuru vibaya mtu ambaye mwili wake hauzivumilii. Mzazi mwenye mgonjwa wa namna hiyo aandike chini ya karatasi: karanga usilete, hata ukikosa nazi.

Kwa vitu vingine, aandike kando ya kila kimoja kazi yake: "ndimu, za ukali". Kazungu angekuta hata embe bichi, angejua linafaa.