Uzi Uliofungwa Ncha Zote: ya Kufanya na ya Kutofanya

Uzi wa udi una urefu L wa sentimita 60. Umevutwa katikati kwa kimo h cha milimita 3, umeshikwa ukatulia, kisha umeachiwa. Umbo lake la mwanzo, f(x), ni pembetatu. Mlinganyo na masharti yake ni haya, c ikiwa kasi ya wimbi juu ya uzi:

```
u_tt = c² u_xx
u(0,t) = 0,     u(L,t) = 0
u_t(x,0) = 0,   u(x,0) = f(x)
```

Panga masharti kabla ya kugusa hesabu. Matatu ni sawa na sifuri, moja si sifuri. Matatu yale kila kipande cha jibu kitayatimiza peke yake. Lile la f(x) litatimizwa na jumla ya vipande vyote, kwa hiyo lisubiri mwisho. Karibu kila kosa ninalolisahihisha linatokana na kulikimbilia mapema.

Usiiweke f(x) mahali pa X(x). Ukiandika u = X(x)T(t) kisha ukadai X ndiyo f, umesema pembetatu inasinyaa na kuvimba bila kubadili umbo. Uzi haufanyi hivyo. Ukiachiwa, kilele chake hukatika na kuwa bapa. Sehemu hiyo bapa hupanuka na kufikia upana 2ct huku ikishuka, na mbavu zilizobaki hushika mwinamo uleule wa awali.

Tenganisha, kisha ujaribu ishara zote za λ.

```
X''/X = T''/(c²T) = −λ
```

Upande mmoja unategemea x tu, mwingine t tu, kwa hiyo zote mbili ni konstanti moja. λ ikiwa hasi au sifuri, X haiwezi kuwa sifuri kwenye ncha zote mbili isipokuwa iwe sifuri kila mahali. Onyesha hilo kwa mistari miwili, usiliruke. Inabaki λ chanya. Kosini inafutwa na ncha ya x = 0, na ncha ya pili inadai X = sin(nπx/L), kwa n = 1, 2, 3 na kuendelea.

Usichanganye sini ya mahali na sini ya wakati. Kasi ya mwanzo ni sifuri, na hilo linaihusu T peke yake. Linafuta sin(nπct/L) na kuacha cos(nπct/L). Anayefuta kosini hapa anapata uzi ulionyooka wakati t = 0, yaani uzi ambao hakuna aliyeuvuta.

Sasa jumlisha, na sasa ndipo uite f(x).

```
u = Σ b_n sin(nπx/L) cos(nπct/L)
b_n = (2/L) ∫₀ᴸ f(x) sin(nπx/L) dx
```

Hiyo 2/L haiachwi. Inatoka kwenye intigresheni ya sin²(nπx/L) toka 0 hadi L, ambayo ni L/2. Pembetatu ina kanuni mbili, moja kila upande wa kilele, basi gawa intigresheni katikati. Matokeo:

```
b_n = (8h / n²π²) sin(nπ/2)
```

Namba shufwa zote zinatoka sifuri. b₁ ni milimita 2.43, b₃ ni −0.27, b₅ ni 0.10.

Usitupe ile alama ya kutoa. Katikati ya uzi, sin(3π/2) nayo ni −1, hivyo hasi mbili zinatoa chanya: 2.43 + 0.27 + 0.10 ni 2.80, na vipande vinavyofuata vinafikisha 3 kamili, kwa kuwa 1 + 1/9 + 1/25 + … ni π²/8. Ukiitupa, katikati unapata milimita 2.23 tu, nawe unajua uzi ulivutwa 3.

Kagua jibu kwa wakati pia. Tuseme c ni mita 240 kwa sekunde. Mzunguko mmoja, 2L/c, ni sekunde 0.005, yaani hezi 200. Kwenye robo ya mzunguko kila kosini ya n witiri ni sifuri: uzi wote uko kwenye mstari ulionyooka. Kwenye nusu, pembetatu imepinduka chini. Jibu lisiloonyesha haya mawili lirudiwe kuanzia b_n.

Usiidiferenshieti jumla hii mara mbili, kipande kwa kipande. Kila mara unaongeza n juu. Mara mbili ni n², inayofuta n² iliyokuwa chini, na vipande havipungui tena. Chanzo ni kona ya pembetatu, ambapo mwinamo unaruka ghafla. Kona hizo zilikuwa kiini cha ubishi mkali wa d'Alembert na Euler baada ya 1747, kabla Daniel Bernoulli hajaleta jumla ya sini mwaka 1753. Kwenye kona, f_xx haipo, basi usidai kwamba jibu lako linatimiza u_tt = c² u_xx pale; andika wazi kwamba linautimiza kila mahali isipokuwa kwenye kona zinazosafiri juu ya uzi.