VIDUKARI KATIKA MAHARAGWE NA PILIPILI HOHO
Namna ya kuwaondoa kwa maji na sabuni, na sababu ya kurudia kazi

Mkulima apitaye katika maharagwe yake majuma matatu au manne baada ya kupanda huenda akaona ncha changa zimejikunja, na majani yake yananata mkononi. Akiligeuza jani ataona wadudu wadogo weusi, laini, wamesongamana kama mbegu za ufuta zilizomwagwa mahali pamoja. Katika pilipili hoho wadudu hao mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi, hata ni vigumu kuwatambua. Hao wote ni vidukari.

Kidukari hatafuni jani. Ana mdomo mwembamba kama sindano, naye huudunga katika sehemu changa ya mmea na kufyonza utomvu. Ndiyo sababu hupenda ncha zinazochipuka na vitumba vya maua, maana huko ngozi ya mmea ni laini na utomvu ni mwingi. Kwa kuwa hunywa utomvu kupita haja yake, sukari iliyozidi humtoka kwa nyuma kama matone ya asali. Majani hunata, kisha huota ukungu mweusi kama masizi.

KWA NINI HUONGEZEKA UPESI

Katika nchi zetu zenye joto, kidukari jike hahitaji dume ili azae. Huzaa watoto walio hai, kila siku wachache, na hao watoto huwa wakubwa na kuanza kuzaa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Wakisongamana mno katika ncha moja, wengine huota mabawa na kuruka kwenda kwenye mimea mingine. Basi mtu akiwaua wengi leo na kuwaacha wachache waliojificha katika jani lililojikunja, baada ya juma moja au mawili ataona ncha zimejaa tena. Si kwamba dawa yake ilikuwa mbaya, bali hakurudi kwa wakati.

KAZI YA MAJI

Maji matupu ndiyo ya kuanza nayo. Kidukari aliyeangushwa kwa nguvu mara nyingi huvunjika mdomo wake uliodungwa katika mmea, na wengi wa walioanguka hawawezi kupanda tena. Mwenye mfereji na atumie mpira wa maji, akiziba nusu ya tundu lake kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa nguvu. Asiye na mfereji na atumie bomba la kunyunyizia. Tegemeza ncha ya mmea kwa kiganja cha mkono mmoja isivunjike, na kwa mkono wa pili elekeza maji kutoka chini kwenda juu, maana vidukari hukaa upande wa chini wa jani. Kumwagia maji juu ya mmea kwa kopo hakufai kitu kwa kazi hii.

Fanya hivyo asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Kama maharagwe yana kutu au madoa ya ugonjwa, usiyaoshe kwa maji, wala usipite katikati yake yakiwa na unyevu, kwa kuwa magonjwa mengi ya maharagwe huenezwa na maji na nguo za mpitaji. Katika shamba la namna hiyo ni afadhali kuzikata ncha zilizojaa vidukari na kuzizika.

KUTENGENEZA MAJI YA SABUNI

Palipobaki vidukari baada ya kuoshwa kwa maji, hapo ndipo pa sabuni. Chukua sabuni ya kufulia ya mche, isiyotiwa dawa ya kung'arisha nguo. Mche wa gramu 800 ukikatwa vipande 8 vilivyo sawa, kipande kimoja kina gramu 100, nacho chatosha ndoo ya lita 10. Kikwangue, ukiyeyushe katika lita 2 za maji ya moto, kisha ongeza maji baridi mpaka lita 10. Chuja kwa kitambaa ili bomba lisizibe. Usitumie sabuni ya unga, kwani huunguza majani.

Yatazame maji hayo kabla ya kuyatumia. Yakifanya utando mweupe unaoelea juu, maji yako yana chumvichumvi nyingi, na sabuni imekwisha kuharibika humo. Tumia maji ya mvua. Kisha nyunyizia mimea 2 au 3 tu na ungoje siku mbili. Kingo za majani zikikauka au kuwa kahawia, sabuni ni kali mno kwa mmea huo, ongeza maji.

Sabuni humwua kidukari kwa kuharibu ngozi yake laini, hata akapoteza maji ya mwili. Lakini humwua yule tu aliyeloweshwa. Ikikwisha kukauka juu ya jani haina nguvu tena. Kwa hiyo lowesha chini ya majani mpaka maji yadondoke, na majani yaliyojikunja uyafungue. Nyunyizia jioni, jua likiwa limepoa, ili sabuni isikauke upesi. Wala usinyunyizie mmea ulionyauka kwa kiu.

MFANO WA KAZI

Tuseme mtu ana miche 60 ya pilipili hoho. Jumatatu achague miche 20 hapa na pale, atazame ncha zake, na aone 12 ina vidukari. Aoshe yote kwa maji Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumamosi ahesabu tena, na aone imebaki 5, hasa ile yenye majani yaliyojikunja. Jioni hiyo aipige kwa sabuni kila mche wenye vidukari, arudie Jumatano, kisha Jumapili. Siku 4 kati ya mara moja na nyingine ni chache kuliko siku anazohitaji mtoto wa kidukari ili azae. Hivyo waliosalia hupatwa kabla ya kuleta kizazi kipya.

Anapohesabu, asidanganywe na maganda meupe yaliyoshikamana na majani. Hayo ni ngozi walizojivua. Awaguse wadudu kwa unyasi: aliyekufa amesinyaa na hasogei. Hesabu isiposhuka, atazame kama sisimizi wanapanda shinani. Sisimizi hula ule utamu wa vidukari, nao huwafukuza maadui wao. Atafute kichuguu chao na kukichimbua.

Maadui hao wa vidukari ni rafiki za mkulima. Mmoja ni mdudu wa mviringo, mwenye mgongo mwekundu au wa rangi ya chungwa na madoa meusi. Vidukari waliovimba na kuwa kama maganda ya kahawia, nao wameingiwa na mtoto wa nyigu mdogo sana anayewala kwa ndani. Ukiona hao ni wengi katika ncha, usipige sabuni hapo. Ngoja siku chache uhesabu tena.

MAMBO AMBAYO SABUNI HAIWEZI

Vidukari hubeba pia ugonjwa wa batobato, unaofanya majani kuwa na mabaka ya kijani na manjano na kukunjamana. Kidukari mwenye mabawa aweza kuutia katika mmea kwa kuudunga kwa muda mfupi tu, kabla mtu hajashika bomba. Mmea uliokwisha kuugua hauponi kwa maji wala kwa sabuni. Ung'oe mapema na kuuzika. Na katika maharagwe ugonjwa huu hukaa hata ndani ya mbegu. Basi mmea wenye mabaka usichukuliwe mbegu ya msimu ujao, hata kama maganda yake yamejaa vizuri.