Namba za Simu za Uwongo

Mkulima akipoteza kadi ya benki, hukimbilia kutafuta namba ya benki katika simu yake. Hapo ndipo mwizi anapomngoja. Mstari wa juu kabisa huenda ukawa tangazo lililolipiwa, lenye neno dogo "Sponsored". Mwizi hulipia tangazo hilo, akaweka jina la benki na namba yake mwenyewe. Ukimpigia, atasema: "Nisomee tarakimu sita ulizoletewa sasa hivi." Tarakimu hizo ndizo ruhusa ya kutoa fedha zako, mtu wa benki hakuombi umsomee. Basi twawashauri wanachama: namba iliyo nyuma ya kadi iandikeni daftarini leo. Na aliyekwisha kumsomea mwizi, apige namba hiyo mara moja, akaunti ifungwe.