Glasi Nane za Maji na Jasho la Feri

Kanuni ya glasi nane kwa siku huhusishwa na pendekezo la bodi ya lishe ya Marekani la mwaka 1945, lililokadiria mahitaji ya mtu mzima kuwa lita 2.5 za maji. Sentensi nyingine ya pendekezo hilo ilieleza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo tayari katika chakula. Hiyo ndiyo iliyosahauliwa. Uji, mchuzi na tikitimaji navyo huleta maji mwilini.

Kwa mkaanga samaki wa Feri, anayesimama mbele ya moto tangu asubuhi, mzani hueleza zaidi kuliko kanuni. Tuseme alianza kazi akiwa na kilo 64, akanywa nusu lita, hakula wala kukojoa, na baada ya saa tatu akawa na kilo 63. Amepoteza takribani lita moja na nusu, yaani nusu lita kwa saa.

Asiye na mzani asikilize kiu na aangalie mkojo: ukiwa mchache na wa manjano iliyokolea, aongeze maji. Anayetumia rifampisini kutibu kifua kikuu asitegemee rangi, kwa kuwa dawa hiyo huugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Mgonjwa wa moyo au figo hufuata kiasi alichopangiwa na daktari.